Hakujakucha, najua: shairi langu la alfajiri na mambo niliyojifunza kuhusu mwanga

Shairi hili nililiandika mara ya kwanza siku tatu baada ya kukesha na mama wodini. Alikuwa amefanyiwa upasuaji jioni na walituambia ataamka taratibu, tusubiri tu, basi mimi nikabaki pale kwenye kiti pembeni ya kitanda na yeye amefunikwa shuka, dirisha liko upande wa kulia kwangu, taa za wodi zimezimwa imebaki moja ya mbali kule kwenye korido. Nilikaa hapo kuanzia saa nne usiku mpaka asubuhi. Muda wa mwisho, kuanzia kama saa kumi na nusu mpaka jua linatoka, ndio ulionikaa kichwani, na niliporudi nyumbani nikajua lazima niuandike.

Nikakaa nikaandika beti sita kwa mkao mmoja, tarbia, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimetimia. Nilifurahi sana. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Jua limeshachomoza, giza lote latoweka,
Nuru yake yaangaza, huzuni imeondoka,
Tumaini lanijaza, moyoni nafurahika,
Kumekucha, kumekucha, tumaini limefika.

Hesabu mizani utakuta iko sawa. Nikampelekea mzee mmoja malenga, alikuwa rafiki wa marehemu babu, ndiye aliyenifundisha kupanga vina nikiwa mdogo. Nikamwamkia, nikamsomea beti zote sita, akanyamaza kidogo afu akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa unamsubiri mama yako au ulikuwa unalisubiri jua?"

Nikamwambia mama, mzee.

"Sasa mbona hapa kila kitu kimeshafika? Jua limefika, nuru imefika, tumaini limefika. Aliyekesha yuko wapi? Mtu akifika hasubiri tena."

Swali hilo lilinirudisha wodini. Nikaanza kukumbuka saa kwa saa nikagundua kwamba jua lilipotoka kwakweli mimi sikuwa natumaini tena, mama alikuwa ameshafumbua macho ameshaomba maji, kwahiyo nilikuwa na furaha na uchovu tu, basi. Kutumaini nilitumaini kabla ya hapo, wakati dirisha bado jeusi, na hasa pale lilipoanza kuwa si jeusi sana lakini huwezi kusema ni asubuhi. Yaani mimi nilikuwa nimeandika shairi la saa kumi na mbili na nusu wakati tumaini langu lilikuwa la saa kumi na moja.

Halafu nikakumbuka kitu kingine. Usiku ule nesi alikuwa anapita kila baada ya muda, anasimama kitandani ananiuliza, "Hajaamka?" na mimi namjibu, "Bado, hajaamka." Kila mara hilohilo. Na mimi pale kwenye kiti kichwani mwangu kulikuwa na neno moja linanitisha kuliko yote, nalo linatofautiana na lile la nesi kwa silabi moja tu: hakuamka. Lisemee kinywani uone. Hajaamka, mlango uko wazi. Hakuamka, mlango umefungwa na hakuna wa kuufungua. Sote tunajua hilo bila kufundishwa, kwamba ile -ja- ya kukanusha inabeba "bado" ndani yake, kitu hakijatokea lakini kinangojewa, wakati -ku- inasema habari imekwisha. Nikaona hapa ndipo shairi langu lilipo, kwenye -ja-. Kwahiyo lile "kumekucha, kumekucha" lazima liondoke maana -me- inasema kazi imeshafanyika, na mahali pake liingie hakujakucha.

Nilizunguka na neno hilo karibu wiki nzima natafuta kibwagizo. Ha-ku-ja-ku-cha ni mizani tano, inabaki nafasi ya mizani tatu kujaza kipande cha kwanza. Na-ju-a ni tatu. Hakujakucha, najua. Afu kipande cha pili kikaja chenyewe nikiwa nafua nguo: nami sijaona jua. Hesabu, nane. Vina vinakutana, najua na jua, mtu anajua kwamba hajaliona jua, na -ja- imekaa pande zote mbili. Nilipompigia mzee simu nikamsomea mstari huo mmoja akasema, "Huo sasa ni mstari wa mtu aliyekaa kwenye kiti."

Sasa, kibwagizo hicho kikanipa sharti gumu, kwamba jua haliruhusiwi kutoka ndani ya shairi hata kidogo, maana kila ubeti unaisha kwa kusema sijaliona. Hivyo mwanga wote nitakaoutumia lazima uwe wa kabla ya jua. Na hapa ndipo nilipogundua kwamba huo mwanga nilikuwa sijawahi kuuangalia vizuri, nilikuwa naandika alfajiri kwa maneno ya mazoea tu, nuru, miale, kung'aa. Katika rasimu ya pili nilikuwa na mstari unaosema kivuli cha mti kimelala dirishani, na mzee akanidaka hapohapo: "Hicho kivuli kimetoka wapi na jua hujaliona?"

Alikuwa sahihi. Kabla jua halijatokeza, mwanga hautoki sehemu moja, unatoka kwenye anga zima, jua liko chini ya upeo linaangaza hewa ya juu na hewa ndiyo inatumwagia sisi, kwahiyo vitu vinaonekana lakini havina kivuli cha kueleweka. Kivuli kikali kinakuja jua lenyewe likishatokeza. Mshairi akiweka kivuli alfajiri ameshalichomoza jua bila kujijua, na msomaji hata kama hawezi kukueleza kosa liko wapi atahisi kwamba kungoja kumeisha.

Basi nikafanya kitu ambacho ningetakiwa kukifanya tangu mwanzo, nikaamka alfajiri nne mfululizo, nikakaa dirishani na daftari, nikaandika nini kinaonekana saa ngapi. Niliondoka na mambo mengi ila niseme yale yaliyobadilisha shairi.

Kwanza, kupambazuka kuna hatua. Wanaastronomia wanaipima kwa jua liko nyuzi ngapi chini ya upeo: likifika nyuzi 18 ndipo weupe wa kwanza kabisa unaanza, likifika 12 mstari wa upeo unaonekana, likifika 6 unaweza kutembea nje bila taa na vitu vya karibu unavitambua. Mahali palipo karibu na ikweta safari yote hiyo kutoka nyuzi 18 mpaka jua kutokeza ni kama saa moja na dakika kumi hivi, na ukienda mbali na ikweta inarefuka. Saa moja na zaidi! Mimi katika rasimu ya kwanza niliimaliza kwa mstari mmoja, giza lote latoweka, kana kwamba mtu amewasha swichi. Mtu aliyekesha anajua kwamba giza haliondoki hivyo, na ile saa ndiyo saa yenyewe.

Pili ni rangi, na hili lilinishangaza kuliko yote. Nyumbani niliweka shuka jekundu kwenye kiti karibu na dirisha, maana shuka la mama wodini lilikuwa jekundu, nikataka nijue linaonekanaje. Mwanzoni halina rangi. Unaliona umbo, unaona mikunjo, ila ni la kijivu, na kadiri mwanga unavyoongezeka ndivyo kitambaa cha buluu kilichokuwa pembeni kinaanza kujionyesha, kisha majani nje yanapata ukijani, na lile shuka jekundu bado limekaa jeusijeusi kama limelowa. Wekundu ulikuja mwisho. Nilidhani ni macho yangu, siku ya pili ikawa hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Baadaye nikasoma kwamba hili linajulikana tangu karne ya 19, mwanasayansi mmoja wa Kicheki, Jan Purkyně, aliliona kwenye maua, kwamba ua jekundu linalong'aa mchana linakuwa jeusi kwenye mwanga hafifu huku la buluu likionekana angavu kuliko hilo. Sababu ni kwamba ndani ya jicho kuna seli za aina mbili, za mwanga mdogo ambazo hazitofautishi rangi na haziuoni wekundu vizuri, na za mwanga mkubwa ambazo ndizo zinazotupa rangi, na alfajiri jicho linahama kutoka zile za kwanza kwenda za pili polepole.

Nilipolielewa hilo nikajua nina shairi. Maana sikuhitaji tena kusema tumaini. Nilihitaji tu kulifuata shuka.

Nikatupa beti zote sita. Nikaandika tatu:

Nimekaa kwenye kiti, mkono nashika wake,
Huko nje sioni mti, wala hata tawi lake,
Nasikia tu sauti, ya hiyo pumzi yake,
Hakujakucha, najua, nami sijaona jua.

Kwa mbali kuna weupe, weupe usio nguvu,
Shuka lake si jeupe, wala jekundu, ni jivu,
Naziona zake kope, zimelala kwa uchovu,
Hakujakucha, najua, nami sijaona jua.

Rangi zaja polepole, buluu ndiyo ya kwanza,
Kisha kijani cha kule, mtini kimeshaanza,
Na shuka jekundu lile, wekundu linajifunza,
Hakujakucha, najua, nami sijaona jua.

Vina vinabadilika ubeti kwa ubeti, kwahiyo ni ukaraguni, na hilo nililifanya makusudi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mtiririko, vina vilevile za na ka kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa sita, na ilikuwa inaimbika vizuri ila sauti haikuwa inasogea. Kwenye shairi la kupambazuka nilitaka kitu kimoja kisimame, ambacho ni kibwagizo, na vingine vyote viwe vinabadilika kukizunguka, kama mtu aliyekaa palepale kwenye kiti wakati dirisha linabadilika.

Angalia na hisia zinavyopangana. Ubeti wa kwanza hakuna cha kuona kabisa, mimi nina mkono na sauti tu, kugusa na kusikia, maana ndivyo ilivyokuwa saa kumi, nilikuwa najua mama yupo kwa pumzi yake. Ubeti wa pili macho yanaanza kazi lakini hayana rangi. Wa tatu rangi zinakuja kwa mpangilio wake. Kibwagizo ni kilekile neno kwa neno lakini hakisemi kitu kilekile: mara ya kwanza "nami sijaona jua" ni mtu aliyezama gizani, mara ya tatu ni mtu ambaye ameona kila kitu isipokuwa jua, na jua limebaki hatua moja. Maneno hayakubadilika, mwanga ndio uliobadilika.

Kuna jaribio mzee alinipa ambalo sasa nalifanya kwa kila shairi la alfajiri ninalosoma au kuandika. Aliniambia, "Chukua shairi lako, lisome kama la jioni. Likikubali, hujaandika alfajiri." Na ukiwaza ni kweli kabisa, kwa sababu mwanga wa dakika ishirini kabla ya macheo na wa dakika ishirini baada ya machweo ni ule ule, jua liko chini ya upeo kiasi kilekile, anga lina wekundu, vitu havina vivuli. Rasimu yangu ya kwanza, ukiondoa yale maneno ya jua kuchomoza na kumekucha, ilikuwa inakubali kabisa kuwa ya jioni: anga jekundu, upepo mwanana, ndege wanalia. Picha nzuri zote, ila hazikujua zinaelekea wapi.

Zile beti tatu nikazijaribu kwa kuzisoma kinyumenyume, wa tatu, wa pili, wa kwanza. Nilikuwa nimekaa peke yangu na nilipofika mwisho mwili ulinisisimka. Ukizisoma hivyo shuka linaanza na wekundu kidogo, linaupoteza, linakuwa jivu, kope zimelala kwa uchovu, halafu mti haupo, tawi halipo, imebaki sauti ya pumzi gizani. Hilo ni shairi la mtu anayemuaga mama yake. Maneno ni yaleyale, kiasi cha mwanga ni kilekile, kilichogeuka ni mfuatano tu. Na ndivyo inavyokuwa jioni, wekundu wa kitambaa ndio unaotangulia kuondoka na buluu inabaki nyuma. Tangu siku ile siamini tena mtu akisema shairi lina matumaini kwa sababu lina mwanga. Namuuliza mwanga unaenda wapi.

Na hata alfajiri yenyewe si kila mahali inamaanisha heri. Kusini mwa Ufaransa karne ya 12 na 13 washairi wa lugha ya Kioksitani walikuwa na bahari nzima ya mashairi inaitwa alba, yaani mapambazuko, na ndani yake wapenzi wawili wamelala kwa siri na mlinzi anawaambia kunakucha, lazima waachane. Aghalabu kila ubeti unaishia kwenye neno hilohilo, alba, kama kibwagizo chetu, na kila likirudi linauma zaidi. Kwao usiku ndio rafiki. Nilipoyasoma hayo niliona wazi kosa nililokuwa nalo, kwamba nilidhani nikitaja alfajiri tumaini linakuja lenyewe kwenye mfuko wa neno. Haliji. Inategemea nani yuko macho na anangoja nini. Kwa mgonjwa aliyengoja dawa ya asubuhi alfajiri ni faraja, kwa mtu anayesafirishwa asubuhi hiyo mbali na watu wake ni kisu, na anga ni lilelile.

Kitu kingine nilichokitoa ni ule usemi kwamba usiku ukizidi giza ujue kumekaribia kucha. Ulikuwa ubeti wa nne mzima na niliupenda mno. Lakini nilikuwa macho usiku ule na sivyo inavyokuwa: jua likishazama zaidi ya nyuzi 18 giza la usiku linakaa palepale kwa saa nyingi, halizidi, na lile linalokaribia kucha ndilo linaloanza kufifia. Kinachozidi ni baridi. Ardhi inaendelea kupoteza joto usiku kucha mpaka jua lirudi, kwahiyo saa ya baridi kali kwa kawaida ni ile ya karibu na macheo. Wodini nililiona hili kwa miguu yangu kabla sijalisoma popote, saa tisa nilikuwa sawa tu, saa kumi na moja na nusu natetemeka na dirisha ndio linaanza kupauka. Mwanga unaongezeka na baridi inaongezeka kwa pamoja. Hiyo ni kweli nzuri kuliko usemi, na nimejaribu kuiingiza mara nyingi, ila kila nikiiweka ubeti unageuka kuwa wa kwangu mimi na baridi yangu, mama anatoka kwenye picha. Nimeiacha nje. Labda ina shairi lake.

Wenzangu niliowasomea karibu wote walitaka ubeti wa nne jua litoke. Nawaelewa, masikio yanataka kufika. Niliuandika pia, mama anafumbua macho, anaomba maji, jua linagusa ukuta, na yote ni kweli yalitokea. Ila kibwagizo hakikubali. Ningelazimika kukigeuza kuwa nimeona jua, na papohapo beti tatu za nyuma zinakuwa habari tu, msomaji anajua kilichotokea na anaweza kuondoka. Bila ubeti huo anabaki kwenye kiti, shuka linajifunza wekundu na yeye hajui kama atakayeamka ataamka. Mimi usiku ule sikujua. Nikaona kumpa msomaji kitu ambacho mimi sikuwa nacho ni kumnyima ile saa.

Mama mwenyewe nilimsomea miezi kadhaa baadaye, tumekaa jioni, ameshapona. Nilikuwa na woga kidogo. Alisikiliza zote tatu, kimya, afu akaniambia rudia ule wa katikati, nikarudia. Nilipofika kwenye kope zimelala kwa uchovu akanishika mkono.

"Mwanangu, hapo nilikuwa macho."

Nikamwambia haiwezekani mama, nilikuwa nakuangalia, nesi alikuwa anauliza na mimi nasema hajaamka.

"Nilikuwa nakusikia. Nilikuona unasinzia unajizuia, nikasema nikifumbua macho huyu hatalala tena. Nikayafumba ili ulale kidogo."

Sijaubadilisha ule mstari. Ni kweli ya mtu aliyekuwa kwenye kiti, na ndivyo mwanga wa saa ile ulivyoniruhusu kuona. Ila sasa kila nikiusoma mbele za watu, nikifika hapo kwenye kope sauti yangu inashuka yenyewe.